Kundi moja, makundi mawili au jumuiya? Kuchagua mpangilio wa WhatsApp ya kamati ya harusi

Kikao cha kwanza kimekwisha. Mwenyekiti amepatikana, katibu amepatikana, mweka hazina amepatikana kwa kusukumwa, na kabla watu hawajafika makwao grupu limeshafunguliwa na picha ya maharusi imeshawekwa. Wiki ya pili lina watu 86. Mtu akiuliza, "Hivi mpishi tulikubaliana yupi?", anajibiwa na vikaragosi vitatu, "Amina" mbili, tangazo la viwanja vya Kibaha, na mjomba anayeomba namba ya kutumia mchango ambayo imeshatumwa mara 9.

Nimekuwa katibu wa kamati mbili za harusi za ndugu zangu, na mweka hazina wa moja, yote Morogoro. Nimeona mipangilio mitatu ikitumika: kundi moja la wote, makundi mawili yaliyotenganishwa, na jumuiya yenye vikundi vya kamati ndogo. Kila mmoja niliuona ukifanya kazi vizuri mahali fulani na ukiwashinda watu mahali pengine, kwa hiyo nitaupima kila mmoja kwa maswali yale yale manne.

## Maswali manne ya kupimia

La kwanza ni maamuzi. Kikao kimeamua jambo leo. Baada ya wiki tatu, mtu ambaye hakuwepo anaweza kulipata ndani ya dakika moja, pamoja na bei na jina la anayesimamia?

La pili ni kazi. Kila kazi ina jina la mtu mmoja na tarehe ya kumaliza, au imeachwa ikielea kama "tushirikiane wapendwa"?

La tatu ni malipo. Jumla inayotangazwa kwenye grupu inalingana na fedha zilizoingia kwenye simu ya mweka hazina? Hapa naingiza pia faragha, maana ahadi ya shilingi 20,000 ya mtu haipaswi kuwa kichekesho cha ukoo.

La nne ni mzigo: nani anaupanga mpangilio huo kila siku, na unamla muda gani?

Sijaweka uchangamfu kati ya vigezo. Harusi ni shughuli ya furaha, watu watapiga vigelegele hata kwenye simu, na mpangilio unaowakataza utavunjwa siku ya pili.

## Kundi moja la wote

Hapa wanakamati, wachangiaji na ndugu wa mbali wote wako mahali pamoja, na kila mtu anaandika.

Maamuzi. Kundi moja linawezekana iwapo katibu ataandika kila uamuzi kwa umbo lile lile, bila kubadili neno la mwanzo. Sisi tulitumia hivi:

```
UAMUZI 07 | 14/6
Chakula: mpishi wa pili, sahani 250
Bei: 25,000 kwa sahani
Msimamizi: Shangazi
Malipo: nusu kabla ya 30/6
```

Neno la mwanzo linakusaidia siku ya kutafuta. Ukiandika "uamuzi" kwenye sehemu ya kutafuta ndani ya grupu, maamuzi yote yanajitokeza hata kama katikati yake kuna mamia ya salamu. Namba nayo ina kazi yake: mtu akiona 06 kisha 08, anajua kuna kimoja hajakiona, na anauliza. Ujumbe wa sauti wa mwenyekiti wa dakika nne, hata ukiwa mzito kiasi gani, haujawa uamuzi mpaka katibu auandike, kwa sababu sauti haitafutiki kwa neno.

Kupini kunasaidia, lakini kuna mipaka. WhatsApp inakubali kupini jumbe tatu tu kwa wakati mmoja, na muda mrefu zaidi ni siku 30, baada ya hapo ujumbe unashuka wenyewe. Kamati nyingi zinafanya kazi miezi mitatu au minne. Kwetu ujumbe wa namba ya malipo ulishuka mwezi wa pili bila mtu kugundua, na siku mbili baadaye maswali ya "natuma wapi?" yakarudi kwa kasi. Katibu aandike kwenye kalenda yake siku ya kupini upya.

Kagua pia mpangilio wa jumbe zinazofutika zenyewe. Admini asipoufunga, mwanakikundi wa kawaida anaweza kuuwasha, na kila kinachoandikwa baada ya hapo kitafutika siku iliyochaguliwa ikifika.

Kura ndizo dhaifu zaidi hapa. Tuliwahi kupigia kura ukumbi kwenye grupu la watu 86. Waliopiga walikuwa 19, wengi wao hawajui bajeti, na ukumbi wa gharama kubwa ukashinda kwa kishindo. Tulipoangalia majina tukakuta watu watatu wamechagua kumbi zote mbili, kwa sababu hatukuzima kitufe cha `Allow multiple answers` wakati wa kutengeneza kura. Ilibidi mwenyekiti aifute kura ile, na kufuta kura ya watu wazima hadharani si jambo jepesi.

Kazi. "Naomba mtu afuatilie mapambo." Dole gumba sita. Mapambo hayafuatiliwi na yeyote, kwa kuwa kila aliyeweka dole alimaanisha "wazo zuri". Katika kundi kubwa kazi inabidi itajwe kwa jina, na hapo ndipo ugumu unapoanza: kumkumbusha mtu mbele ya wakwe kwamba hajaenda kuona ukumbi ni kumwaibisha. Kwa hiyo makumbusho yote yanahamia inboksi, na orodha ya kazi inabaki kwenye daftari la katibu peke yake. Katibu akiumwa wiki moja, kamati inapapasa gizani.

Malipo. Hapa ndipo kundi moja linapoumiza, na chanzo chake ni desturi tunayoipenda sana: orodha inayonakiliwa. Mweka hazina anaweka orodha yenye majina na ahadi. Anayechangia anainakili, anaongeza jina lake chini, anaibandika tena. Watu wanahamasika wakiona orodha inarefuka, na mtu akisoma jina la jirani yake naye anajisikia vibaya kukaa kimya.

Lakini tazama kinachotokea saa mbili usiku, watu wakiwa wametoka kazini. Orodha ina majina 41. Binamu ananakili na kuandika jina la 42. Dakika hiyo hiyo mama mdogo naye amenakili ile ya majina 41, naye anaandika la 42. Sasa kuna orodha mbili, kila moja ina majina 42, na hakuna yenye 43. Anayefuata atanakili ile ya chini zaidi kwenye skrini, na jina lililokuwa kwenye ile ya juu limezama. Hakuna aliyekosea, na hakuna anayeliona kosa, maana orodha imeendelea kukua kama kawaida.

Kwetu lilionekana kwa hesabu tu. Jumla ya waliotoa kwenye orodha ilikuwa 3,870,000. Meseji za malipo kwenye simu ya mweka hazina zilikuwa na jumla ya 3,990,000. Tofauti ni 120,000. Tulianza kutafuta mtu aliyetoa 120,000 na hakuwepo. Ikabidi tukae jioni nzima, mmoja akisoma meseji moja moja na mwingine akitia tiki kwenye orodha, mpaka tukawapata wawili: mmoja wa 70,000 na mwingine wa 50,000, waliozama siku tofauti. Yule wa 50,000 alikuwa shangazi wa bwana harusi. Alikuwa ameona jina lake limetoweka na akanyamaza, akidhani mchango wake umedharauliwa.

Tiba ni moja kwa mipangilio yote mitatu: orodha iwe na mwandishi mmoja. Mweka hazina anaandika kwenye daftari au kwenye jedwali la Google Sheets, na grupu linapata nakala yake mara moja kwa siku, saa ile ile. Mtu akinakili na kujiongeza, anajibiwa kwa upole kwamba jina lake litaonekana kwenye taarifa ya usiku. Shida ni kwamba katika kundi ambalo wote wanaandika, utatoa jibu hilo kila siku.

Mzigo na anayefaa. Katibu aliye makini anahitaji kama dakika 20 kila usiku. Mpangilio huu unaifaa shughuli ndogo: watu 25 au 30, wote wanafahamiana, wanaochangia ndio wanaofanya kazi, na muda ni mfupi, kama arobaini, ubarikio au sendofu ya nyumbani. Faida yake kubwa ni kwamba hakuna anayehisi kuna chumba cha ndani asichoruhusiwa kuingia.

## Makundi mawili: la wachangiaji na la kamati

Kundi kubwa linawekwa kwenye mpangilio wa admini pekee kutuma ujumbe. Pembeni linafunguliwa kundi la kamati, watu 7 hadi 15, ambao wote wanaandika. Kama tayari mna grupu kubwa, lifanyeni hilo liwe la wachangiaji na mfungue jipya kwa ajili ya kamati. Wapo wanaofanya kinyume, wanafungua jipya kwa ajili ya wachangiaji, kisha wanatumia wiki mbili kuwahamisha watu, na wanaobaki nyuma ni wale wale waliokuwa hawajatoa.

Maamuzi. Hapa mjadala unafanyika kwa watu wachache wenye bajeti mkononi, kura inakuwa na maana, na UAMUZI wenye namba unaandikwa kwenye kundi la kamati. Hatari yake ni kimya. Kamati inaamua, inaridhika, inasahau kutangaza. Wachangiaji wanasikia kwa mtu wa saluni kwamba ukumbi umebadilishwa. Kwa hiyo mwishoni mwa kila uamuzi katibu aongeze neno moja: "utangazwe" au "wa ndani". Bei ya mpishi inaweza kubaki ndani, lakini mahali, tarehe na rangi ya sare lazima vitoke.

Kazi. Katika kundi la watu 12 kumtaja mtu hakuaibishi, kwa sababu wote wana kazi. Tulikuwa na ujumbe mmoja wa kazi uliopiniwa, wenye jina, kazi na tarehe, na kila Jumapili baada ya kikao katibu anaandika mpya na kuupini badala ya ule wa zamani. Haukuzidi mistari 10. Kazi iliyopita tarehe yake mara mbili ilipewa mtu mwingine bila maneno mengi.

Malipo. Kwa upande wa fedha zinazoingia, mpangilio huu unaziba tundu la orodha inayonakiliwa kabisa, maana mchangiaji hawezi kubandika. Mweka hazina anatuma taarifa saa 3 usiku. Ila kelele haikufa, imehama. Sasa kila mwenye swali anampigia mweka hazina au kumwandikia pembeni. Dada aliyefanya kazi hiyo kwetu aliniambia alikuwa anaamka na jumbe 30 ambazo hakuna anayeziona zaidi yake. Mpeni msaidizi mapema, mtu wa kujibu maswali ya "natuma wapi?" na "mmeiona?", ili yeye abaki na hesabu.

Katika hesabu hizo kuna mambo matatu ambayo mweka hazina mpya huwa haambiwi. La kwanza, jina linalokuja kwenye meseji ya muamala ni la aliyesajili laini, na mara nyingi siye aliyeahidi. Baba kaahidi, kalipa kwa laini ya mtoto wake; kwenye orodha baba anaonekana anadaiwa, na kuna mtoto asiyejulikana amechangia. Tuliwaomba watu, wakishatuma, wamwandikie mweka hazina jina lililo kwenye ahadi na herufi nne za mwisho za kumbukumbu namba ya muamala. Baada ya hapo kulinganisha kukawa kazi ya dakika chache.

La pili, skrinshoti si malipo. Picha inahaririwa, na hata bila hila mtu anaweza kupiga picha ya muamala uliokwama au uliokwenda namba nyingine. Jina linaandikwa kwenye daftari pale tu fedha zinapoonekana kwenye simu ya mpokeaji.

La tatu ni ya kutolea. Wapo wanaotuma 100,000 pamoja na ya kutolea, wapo wanaotuma 100,000 tupu. Ukiandika kile kinachobaki mkononi baada ya makato, hesabu yako haitalingana kamwe na meseji. Andika kilichoingia kama kilivyoingia, na makato ya kutoa yawe mstari wake kwenye matumizi.

Fedha zinazotoka zinahitaji kufungwa na maamuzi. Kanuni tuliyoiweka ilikuwa fupi: mweka hazina halipi kitu kisicho na namba ya uamuzi. Akishalipa, anaandika kwenye kundi la kamati:

```
MALIPO 03 | 28/6
Mpishi, nusu ya kwanza: 3,125,000
Kwa: UAMUZI 07
Risiti: picha hapa chini
```

Sahani 250 kwa 25,000 ni 6,250,000, na nusu yake ndiyo hiyo 3,125,000. Yeyote aliye ndani anaweza kuihakiki kwa kurudi UAMUZI 07. Jioni ile taarifa ya ndani ilisomeka hivi: zimeingia 9,480,000, zimetoka kwa mpishi 3,125,000, ukumbi 1,500,000 na makato 38,000, jumla 4,663,000, salio 4,817,000. Kwenye kikao cha Jumapili mweka hazina alifungua simu mbele ya mwenyekiti, salio la simu likajumlishwa na fedha taslimu zilizo kwenye bahasha, na namba mbili zikalinganishwa. Zikipishana kwa 5,000 tunaitafuta siku hiyo hiyo, kwa sababu wiki ijayo hakuna atakayekumbuka nani alinunua maji ya kikao.

Kuhusu faragha, familia zinatofautiana. Wapo wanaotaka kila kiasi kitajwe, wanasema ndiyo hamasa. Mimi naegemea kutangaza kwa wote jina na neno "amepunguza" au "amekamilisha", na viasi vibaki kwenye kundi la kamati. Waliokuwa na ahadi ndogo walitoa mapema zaidi tulipofanya hivyo. Sina kipimo zaidi ya kamati moja, ichukulie kama maoni.

Mzigo na anayefaa. Unahitaji katibu, mweka hazina na msaidizi wake. Unawafaa watu wengi wenye harusi ya kawaida ya mjini: wachangiaji 60 hadi 200, kamati moja inayokutana kila wiki. Hauwafai ukoo ambao kufunga mdomo wa wazee kwenye grupu kutachukuliwa kuwa ni kiburi. Kuna kamati iliyopata dawa ya kati: grupu la wachangiaji linafunguliwa Jumapili saa 1 hadi saa 3 usiku kwa salamu, maombi na utani, kisha linafungwa tena. Vigelegele vyote vikaishia humo.

## Jumuiya yenye vikundi vya kamati ndogo

WhatsApp ina sehemu inayosomeka `Communities`. Unaanzisha jumuiya moja, ndani yake kuna kundi la matangazo ambalo admini pekee ndiye anayeanzisha ujumbe, na chini yake unaweka vikundi: kamati kuu, chakula na vinywaji, mapambo na ukumbi, usafiri, mavazi. Mtu anayeingizwa kwenye kikundi chochote anapata matangazo bila kuongezwa mara ya pili. Namba za simu za watu kwenye kundi la matangazo zinafichwa kwa wasio admini, jambo ambalo mabinti wa upande wa bibi harusi walilifurahia sana, kwa sababu ambazo kila aliyewahi kukaa kwenye grupu la harusi anazijua.

Maamuzi. Mjadala wa vitambaa hauwachoshi tena watu wa usafiri. Lakini jambo moja linaweza kuamuliwa mara mbili, kwa namna mbili. Niliona kikundi cha chakula kikikubaliana na mpishi sahani 250, huku kikundi cha ukumbi kikikodi viti 220 kwa hesabu ya kadi za mwanzo. Vikundi vyote viwili vilikuwa sahihi ndani ya chumba chao, na kila kimoja kilikuwa na ujumbe wa kuthibitisha. Kinachookoa ni kwamba kikundi kinapendekeza tu. Namba ya UAMUZI inatolewa na katibu mmoja, kwenye kamati kuu, na mfululizo wa namba ni mmoja kwa shughuli nzima.

Kazi. Hakuna mpangilio unaoushinda huu kwa kazi. Kikundi cha watu wanne wenye kiongozi kinajisukuma chenyewe, na kamati kuu inauliza viongozi watano badala ya watu 25.

Malipo. Kila kikundi kikianza kupokea fedha, mmekwisha. Shangazi wa mapambo anapokea 200,000 kwa sababu "alikuwa karibu", analipia maua, na daftari kuu halijui zilikoingia wala zilikotoka. Namba ya kupokea iwe moja, na kikundi kiombe malipo kwa kamati kuu kwa kutaja namba ya uamuzi. Kicheni pati na sendofu ni habari nyingine. Mara nyingi zina wachangiaji wake, mwenyekiti wake na sare zake. Mimi nisingeziingiza kwenye jumuiya hii kabisa. Ziwe na mweka hazina wao na namba yao, vinginevyo mtu atatuma 50,000 na hakuna atakayejua ilikuwa ya sherehe ipi.

Mzigo na anayefaa. Kuna mzigo wa kuanzisha na mzigo wa kufundisha. Wazee wanaona vikundi vitatu vimejitokeza kwenye simu zao na wanajibu tangazo la usafiri kwenye kikundi cha chakula. Katibu atumie kikao kizima kimoja kuwaonyesha watu, simu mkononi. Mpangilio huu unaifaa shughuli kubwa yenye wageni zaidi ya 300, kamati ya watu zaidi ya 20, au maharusi wenye sherehe mbili katika miji miwili. Kwa kamati ya watu 9 ni sawa na kukodi basi la watu 60 kwenda sokoni.

Vijana huwa wanauliza kuhusu Telegram. Ni kweli, ina mada ndani ya kundi moja, na anayeingia leo anaweza kusoma ya nyuma. Kwa kamati ya vijana watupu wanaoitumia tayari, ni nzuri kuliko yote niliyoyaeleza. Lakini mchangiaji wa miaka 65 anayetakiwa kupakua programu mpya ili atoe mchango atasubiri mjukuu aje, na mjukuu anakuja Krismasi.

## Kulingana na hali yako

Kama mnaofanya kazi ndio wanaochangia na hamzidi 30, kaeni kwenye kundi moja. Wekeni nguvu kwenye mambo mawili: UAMUZI wenye namba, na orodha yenye mwandishi mmoja. Mengine yatajipanga.

Kama wachangiaji ni wengi na kamati ni moja, tenganisheni makundi mawili, na msaidizi wa mweka hazina achaguliwe siku hiyo hiyo ya kutenganisha. Kama wazee wenu hawatakubali grupu lililofungwa, jaribuni kwanza saa za kufungua Jumapili kabla ya kurudi kwenye kundi moja.

Kama mna kamati ndogo ambazo tayari zinakutana zenyewe na kuwasiliana pembeni, jumuiya itarasimisha kilichopo. Kama kamati ndogo zenu zipo kwenye karatasi tu, jumuiya itawapa vikundi vitano vilivyo kimya, na mazungumzo yote yatabaki kwenye kamati kuu.

Wanaohangaika zaidi ni wale ambao vurugu imeshaanza na zimebaki wiki sita. Hapo msibadilishe jukwaa. Chagueni jioni moja, katibu na mweka hazina wakae pamoja. Hamisheni mazungumzo ya grupu kwenye faili kwa `Export chat` kama kinga, kisha mweka hazina asome meseji za malipo kutoka ya kwanza kabisa na kuandika orodha mpya, bila kuiangalia ile ya kwenye grupu mpaka amalize. Baada ya hapo zilinganishwe, na kila tofauti ipigiwe simu, kwa kuanza na wazee. Katibu akusanye yote yaliyokwisha kukubaliwa, ayape namba kuanzia UAMUZI 01, ayatume kama ujumbe mmoja na kuupini. Asubuhi yake grupu kubwa lifungwe kwa admini, na tangazo la kwanza liwe orodha iliyosahihishwa, ikiwataja kwa majina wale waliokuwa wamezama.